Ukibonyeza "Accept", nani anabaki na nini?

Mama mmoja alitufikia kwenye meza yetu ya huduma kule Likoni, laptopu kwapani. Yeye anauza vitambaa, na maagizo yake mengi huyafanya usiku watoto wakishalala. Baada ya shikamoo na marahaba akatufungulia tovuti ya duka dogo la madera lililoko Kisauni. Chini ya skrini kulikuwa na mkanda mweusi umeandikwa "We use cookies to improve your experience", na kitufe kimoja tu: "Accept".

"Mwanangu, nikibonyeza hapa, pesa zangu zinakatwa?"

La, mama, hazikatwi. Hakuna notisi ya aina hii inayoweza kugusa salio lako, na hakuna hata moja inayohitaji PIN yako. Ukiona "notisi ya faragha" inayokuuliza PIN, hiyo si notisi, ni wizi, funga ukurasa. Lakini swali lake lilitufanya tukae naye karibu saa nzima. Kweli hakuna pesa zinazokatwa, ila kuna kitu kinachukuliwa, na kwa kawaida kimeshachukuliwa hata kabla hujabonyeza. Leo tunakueleza ni kitu gani, na jinsi ya kujua kama duka lenyewe linakuambia ukweli.

Namba ya fundi cherehani

Ukipeleka kitambaa kwa fundi, anakata kikaratasi, anaandika namba, kipande kimoja anakibana kwenye kitambaa na kingine anakupa wewe. Ukirudi wiki ijayo hahitaji kukukumbuka sura. Unatoa kikaratasi, naye anajua mzigo wako ni upi.

Kidakuzi, au "kuki" kama wengi tunavyosema, ni kikaratasi hicho. Tovuti kwa maumbile yake haina kumbukumbu. Kila ukurasa unaoufungua ni kama umeingia dukani kwa mara ya kwanza, hata kama dakika moja iliyopita ulikuwa hapo hapo. Mwaka 1994 mhandisi wa kampuni ya Netscape, Lou Montulli, alitafuta njia ya kuifanya tovuti imkumbuke mteja ili kapu lake la manunuzi lisipotee. Akaja na dawa hii: tovuti inaandika maneno machache ndani ya kivinjari chako, mathani Chrome, na kila ukirudi kivinjari kinayatoa tena.

Kwa hivyo kidakuzi si virusi wala programu. Ni maandishi tu. Vingine huwezi kununua bila navyo, kwa mfano kile kinachokumbuka kwamba umeweka madera mawili kwenye kapu. Hivyo hatuna ugomvi navyo. Tunaozungumzia leo ni wale wengine, wa kuhesabu wageni.

Tulichokikuta kwenye laptopu ya mama

Duka lile, kama maduka mengi madogo, linatumia Google Analytics. Ni huduma ya bure inayomwambia mwenye tovuti watu wangapi wameingia, wametoka wapi, wametumia simu gani, na wameangalia nini. Ili mgeni mmoja asihesabiwe mara kumi, huduma hii inampa kila kivinjari namba yake, na namba inakaa kwenye kidakuzi kiitwacho `_ga`.

Kwenye laptopu unaweza kukiona kwa macho yako. Fungua tovuti kwenye Chrome, bonyeza kitufe cha F12, chagua "Application" juu, halafu "Cookies" upande wa kushoto. Kile cha mama kilikuwa hivi (namba ya tatu tumeibadilisha):

```
_ga = GA1.1.1840275316.1712345678
```

Mwanzo wa mstari, `GA1.1`, ni mambo ya ndani ya mfumo, uyapite. Namba inayofuata imechaguliwa kwa bahati nasibu, na ndiyo inayotofautisha kivinjari cha mama na vya wengine. Ya mwisho ndiyo ilitufanya tutazamane. Hiyo ni saa. Kompyuta huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na sekunde 1,712,345,678 zinaangukia tarehe 5 Aprili 2024, saa nne na dakika 34 usiku kwa saa za hapa kwetu. Ndio wakati kivinjari hicho kilipopewa namba hiyo na tovuti ile, mara ya kwanza.

Mama alikuwa ametuambia hajawahi kuingia duka lile. Tulipomsomea tarehe akanyamaza kidogo, halafu akacheka. "Ijumaa ya kumi la mwisho. Nilikuwa natafuta dera la Idi."

Yeye alisahau, kikaratasi hakikusahau. Na ile "Accept" alikuwa hajaibonyeza hata siku moja. Mkanda mweusi ulikuwa umekaa pale chini tangu siku ile ukiomba ruhusa ya jambo lililokwisha kufanyika.

Kidakuzi cha `_ga` kimewekewa umri wa miaka 2. Chrome tangu mwaka 2022 haikubali kidakuzi kikae zaidi ya siku 400, lakini hesabu hiyo inaanza upya kila unaporudi kwenye tovuti. Mteja anayeingia mara moja kila baada ya miezi michache anaweza kubeba namba ile ile miaka na miaka.

Sasa, je, namba hii inamjua mama kwa jina? Peke yake, hapana. Mwenye duka akifungua ripoti zake anaona "wageni 340 wiki hii, wengi kwa simu". Anaweza kuona na mji, ingawa hapo tusiamini sana, kwa sababu mtu anayetumia bando la simu akiwa Changamwe mara nyingi huonekana kwenye ripoti kama yuko Nairobi. Jina, simu na salio havimo. Wenye tovuti wengi husimama hapa na kusema: data yetu haimtambulishi mtu.

Hawasemi uongo. Ila hadithi haijafika mwisho.

Pale namba inapokutana na imeli

Katikati ya ukurasa kulikuwa na kisanduku: weka imeli yako upate punguzo la asilimia 10. Mama aliweka, tena pale pale mbele yetu. (Punguzo ni punguzo, hatukumlaumu.) Imeli yake ikaingia kwenye orodha ya duka, ambayo haikai Kisauni. Inakaa kwenye huduma ya kutuma imeli kwa wingi, na hapa ilikuwa Mailchimp, kampuni ya Marekani. Baada ya dakika chache akapata ujumbe wenye picha ya dera na kitufe cha "Nunua sasa". Alipokibonyeza, anwani iliyofunguka juu ya kivinjari ilikuwa na mkia mrefu. Tumefupisha na kubadilisha, lakini umbo lake ni hili:

```
https://duka.example/madera?utm_source=imeli&mc_eid=7f3a91c2d0
```

Tazama yanayokuja baada ya alama ya kuuliza. `utm_source` inaliambia duka kwamba mgeni ametoka kwenye imeli, si Instagram wala Facebook. Hilo halina neno. Lakini `mc_eid` ni namba ya mtu mmoja kwenye orodha ya imeli. Namba hiyo ni ya mama, haina mwingine.

Na Google Analytics, isipozuiwa, huandika anwani nzima ya kila ukurasa unaofunguliwa, pamoja na mkia wake. Kwa hiyo kwenye ripoti sasa mstari mmoja unabeba vitu viwili. Kuna kivinjari namba 1840275316, ambacho tangu Aprili 2024 kimekuwa kikiangalia madera. Na kuna `7f3a91c2d0`, ambaye kwenye orodha ya imeli ana jina na anwani. Mtu mwenye ufunguo wa sehemu zote mbili anaweza kuziunganisha. Ile "data isiyomtambulisha mtu" imepata jina, tena si la leo tu. Hata ule usiku wa kumi la mwisho umepata jina.

Si kwamba mwenye duka lile ana nia mbaya. Tunavyomwona, hata hajui. Aliweka huduma mbili za kawaida kabisa, kila moja kwa kazi yake, zikakutana zenyewe. Masharti ya Google yenyewe yanamkataza mwenye tovuti kupitisha imeli za watu ndani ya Analytics, lakini hakuna anayemsimamia mwenye duka dogo nyuma ya kaunta yake.

Imeli yenyewe nayo ina lake. Ndani ya ujumbe kuna kipicha kidogo mno, nukta moja isiyoonekana, ambacho huitwa kutoka kwenye seva pale unapofungua. Kikiitwa, duka linajua umefungua, na saa ngapi. Watumiaji wa Gmail wamekingwa nusu: tangu mwisho wa 2013 Google huzipitisha picha kwenye seva zake, kwa hivyo mtumaji anaona ujumbe umefunguliwa lakini haoni uko wapi. Ukitaka kuziba kabisa, kwenye mipangilio ya Gmail ya kompyuta kuna chaguo la "Ask before displaying external images". Picha hazitafunguka mpaka wewe useme.

Na dokezo la bure kwa wanavikundi: ukipenda kitu kwenye imeli ya punguzo na ukataka kukirusha kwenye WhatsApp ya chama, futa mkia kuanzia alama ya kuuliza kabla ya kutuma. Usipofuta, wenzako ishirini wakibonyeza wanaweza kuhesabiwa wote kama wewe.

Kwa nini imeli, si kitu kingine

Mama aliuliza, kwa haki kabisa, "Sasa wakijua napenda madera ya rangi ya kahawia, itanidhuru nini?" Rangi haidhuru. Kinachodhuru ni orodha ikivuja. Kwa wengi wetu imeli ni moja tu, ile ile ya kupokea taarifa za miamala, ya kurejesha nywila za akaunti, na ya kuombea punguzo la dera. Tapeli akipata orodha yenye jina, imeli na ulichonunua, hana haja ya kubahatisha. Anakupigia, anakuita jina lako, anakutajia dera uliloagiza wiki jana, halafu anasema malipo "yamekwama" na anataka "kuyarudisha", thibitisha tu PIN. Wateja wanaotupigia wakilia mara nyingi husema neno hilo hilo: alinijua. Alikujua kwa sababu mahali fulani uliandikwa.

Notisi ni mlango, taarifa ya faragha ni nyumba

Ule mkanda wa chini ni notisi. Kazi yake ni kukuomba ruhusa. Maelezo kamili yanatakiwa yawe kwenye ukurasa mwingine, mara nyingi una jina la "Privacy Policy" na umefichwa mwisho kabisa wa tovuti kwa herufi ndogo. Watu hawausomi, na hatuwalaumu, kwa sababu mara nyingi ni mrefu kama mkataba wa shamba. Lakini huhitaji kuusoma wote. Tafuta mambo machache, uyalinganishe na ulichokiona kwa macho yako.

Ule wa duka la madera ulianza na sentensi inayosema kwamba hawakusanyi taarifa za mtu binafsi. Hapo tu pana kasoro, kwa sababu kisanduku cha imeli kiko ukurasa wa mbele. Tukashuka. Kulikuwa na aya nzima ya haki za wakazi wa California. Likoni mpaka California ni mbali. Halafu, katikati ya aya, tukakuta maneno "Suggested text:".

Hayo maneno yana asili yake. WordPress, mfumo unaotumika kujenga tovuti nyingi ndogo, tangu toleo lake la Mei 2018 humpa mwenye tovuti kielelezo cha taarifa ya faragha. Kila sehemu ina maneno ya kupendekezwa, na mbele yake pameandikwa "Suggested text:" ili mwenye tovuti afute alama hiyo na aandike ya kwake. Ukiyakuta bado yapo, ujue hakuna aliyeisoma taarifa ile, hata mwenye duka. Ahadi zilizomo ndani hazina mwenyewe.

Taarifa ya kweli ya duka la kiasi kile ingejaa nusu ukurasa. Ingesema: sisi ni fulani, tuko Kisauni, simu yetu na imeli yetu ni hizi. Tunachukua imeli yako ukiomba punguzo, na tunaitumia kukutumia matangazo, si zaidi ya hapo. Inakaa kwenye Mailchimp, Marekani. Tunahesabu wageni kwa Google Analytics, na kidakuzi chake hakiwekwi mpaka ukubali. Ukitaka kujitoa bonyeza hapa, ukitaka kufutwa tuandikie hapa, na tukikaa muda fulani bila kukusikia tunakufuta wenyewe. Hebu ona, hata wakili hahitajiki.

Sheria inasemaje

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, namba 24 ya mwaka 2019, iliyoanza kazi tarehe 25 Novemba mwaka huo. Neno "kidakuzi" halikuwekewa kifungu chake, na kuna wenye tovuti wanaodhani kwa hiyo hawahusiki. Soma kifungu cha 2. Kinasema mtu anaweza kutambulika kwa jina, kwa namba ya kitambulisho, kwa data ya mahali alipo, au kwa kitambulisho cha mtandaoni. Namba kama ile ya `_ga` ni kitambulisho cha mtandaoni, na ikishaungana na imeli ubishi umekwisha.

Kutoka hapo mambo matatu yanafuata. Kifungu cha 29 kinamtaka anayekusanya data akueleze kabla ya kukusanya: anachukua nini, kwa sababu gani, nani mwingine atakipata, na atampataje ukimhitaji. "To improve your experience" haijibu hata moja. Kifungu cha 32 kinaweka mzigo wa ushahidi kwa mwenye tovuti. Yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba ulikubali, si wewe kuthibitisha kwamba ulikataa, na unaweza kuitangua ridhaa yako wakati wowote. Notisi yenye kitufe kimoja tu cha kukubali inampa kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba ulikuwa na hiari. Na kifungu cha 37 kinasema data yako isitumike kibiashara bila ridhaa yako ya wazi, ila pale sheria nyingine inaporuhusu.

Wenzetu wa Ulaya walilimaliza jambo la vitufe mapema. Tarehe 1 Oktoba 2019 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni ya Planet49, iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa tiki tayari si ridhaa. Mtu lazima atende mwenyewe. Ndiyo sababu tovuti nyingi duniani zimejaa mikanda hii, ingawa mingi, kama wa duka letu, imeiga umbo na kuacha maana.

Hapa nyumbani sheria inasimamiwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ODPC. Isidhaniwe ni ofisi ya kufukuzana na makampuni makubwa pekee. Septemba 2023 ilitangaza faini tatu kwa pamoja. Mojawapo, shilingi 1,850,000, ilikuwa kwa klabu ya Casa Vera ya Nairobi kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Nyingine, shilingi 2,975,000, ilikuwa kwa Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine. Sehemu ya starehe na programu ya mikopo, na zote mbili zilikwama kwenye neno moja: ridhaa.

Na wewe mteja wetu mwenye tili na tovuti yako ndogo, sikiliza hapa kidogo. Kama mauzo yako hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wako ni chini ya 10, kanuni zinakusamehe kujisajili ODPC, isipokuwa kama uko kwenye shughuli zilizotajwa maalumu. Umesamehewa usajili tu. Kueleza, kuomba ridhaa, kulinda orodha, na kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72 data ikivuja na watu wakawa hatarini, hayo yote bado ni yako.

Tulichofanya na mama

Kwanza tulitaka uhakika kwamba kidakuzi huwekwa kabla ya ruhusa. Tulifungua dirisha la "Incognito", ambalo huanza bila vidakuzi vya zamani, tukaingia kwenye tovuti na hatukugusa kitu. Tukatazama tena kwa F12. `_ga` mpya ilikuwa imeshafika. Jaribio hili linachukua nusu dakika, na linafaa kwa tovuti yoyote. Notisi ya kweli huacha orodha ile bila vidakuzi vya kuhesabu mpaka ubonyeze. Kwenye simu ni vigumu kuziona namba zenyewe, lakini ukigusa alama iliyo kando ya anwani kwenye Chrome, utapata "Cookies and site data". Hapo utaona kama tovuti imehifadhi kitu, na unaweza kukifuta.

Kwa hiyo tukafuta. Lakini kufuta kunachana kipande kilicho kwako, cha fundi bado kinabaki kwake. Kwa ajili ya hicho lazima uandike. Mama aliandika hivi, kwa imeli ile ile aliyojiandikishia:

"Salamu. Naomba mnieleze ni taarifa zipi zangu mlizonazo, mlizipata lini, na mmempa nani. Baada ya hapo naomba mnifute kwenye orodha ya matangazo na mfute taarifa zangu zote, pamoja na zilizoko kwa huduma mnazotumia. Natumia haki yangu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data, 2019."

Kanuni za mwaka 2021 zinampa mwenye tovuti siku 7 za kujibu ombi la kuziona data zako, na siku 14 za kujibu ombi la kufuta. Kujitoa kwenye matangazo kunatakiwa kuwe rahisi na bila malipo, ndiyo maana chini ya imeli huwa kuna "Unsubscribe". Lakini usichanganye. Ukibonyeza "Unsubscribe" matangazo yanakoma, ila jina lako kwa kawaida linabaki kwenye orodha likiwa na alama ya "alijitoa". Kufutwa ni ombi jingine, ndiyo maana mama aliyaandika yote. Na kuna kitu hutafutiwa: ukiwa umenunua, risiti ya mauzo inaweza kubaki kwa sababu mwenye duka anaihitaji kwa hesabu za kodi.

Usipojibiwa, peleka malalamiko ODPC kupitia tovuti yao, ukiambatisha picha ya skrini ya notisi, ya taarifa ya faragha, na ya ujumbe ulioutuma. Sheria inawapa siku 90 kuchunguza na kumaliza. Picha zipige mapema. Taarifa ya faragha inaweza kubadilishwa usiku mmoja, na hutakuwa na la kuonyesha.

Kwa mama haikufika huko. Siku ya tatu mwenye duka alimpigia simu, kijana mpole, akamwambia tovuti alijengewa na rafiki na hata hakujua kuna kitu kinaitwa `mc_eid`. Amemfuta. Mkanda mweusi sasa una vitufe viwili, na aya ya California imeondoka. "Suggested text:" moja bado iko, karibu na mwisho wa ukurasa. Mama amemtumia picha yake kwenye WhatsApp, pamoja na oda ya madera manne.